Kutoka Mhadhara hadi Ukurasa Mmoja: Ufupishaji wa Somo la Uchujaji wa Figo kwa Wanafunzi wa Uuguzi wa Mwaka wa Kwanza

IKISIRI

Makala haya yanachunguza matatizo ya kiisimu yanayojitokeza pale mhadhara mrefu wa fiziolojia ya figo unapofupishwa kuwa ukurasa mmoja wa marudio kwa Kiswahili. Tunadai kwamba upotoshaji katika mihutasari ya aina hii hautokani hasa na upungufu wa istilahi, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali hutokana na mambo matatu: taswira inayobebwa na kitenzi kuchuja, upotevu wa mtenda na mtendwa katika sentensi za hu-, na ufutaji wa maneno yanayowekea dai mipaka. Mwishoni tunatoa muhtasari kamili pamoja na njia ya kuupima.

1.0 Utangulizi

Mafunzo ya uuguzi nchini Tanzania hutolewa rasmi kwa Kiingereza. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kuketi nyuma ya darasa la mwaka wa kwanza anajua kuwa somo lenyewe huelezwa kwa lugha mbili: vichwa vya habari na istilahi husomwa kwa Kiingereza, na maelezo ya kumfanya mwanafunzi aelewe hutolewa kwa Kiswahili. Mwanafunzi anaporudi bwenini hujiandikia muhtasari wake kwa Kiswahili, na huo ndio anaoukariri. Kwa hiyo muhtasari wa Kiswahili upo tayari, upende usipende mtaala. Swali la mwanaisimu ni iwapo muhtasari huo unasema kweli.

Mhadhara tunaouchukua kama mfano ni wa namna inayofahamika: saa mbili juu ya uchujaji wa damu katika figo, ukianza na umbo la nefroni na kumalizikia na udhibiti wa kasi ya uchujaji. Sentensi tunazozichambua tumezitunga wenyewe kwa kufuata mtindo wa mihadhara na madaftari ya aina hiyo. Kuhusu mbinu, tunaanzia katika kanuni tatu za ufupishaji zilizopendekezwa na Kintsch na van Dijk (1978): kufuta kisichohitajika, kujumlisha mambo ya aina moja, na kuunda kauli mpya inayobeba hatua kadhaa kwa pamoja. Kanuni hizi ni za jumla. Hazituambii kitakachotokea zinapotumiwa katika lugha yenye ngeli, na hapo ndipo penye kazi yetu.

2.0 Maudhui ya Mhadhara

Msomaji asiye wa fani ya tiba anahitaji kwanza kulijua somo lenyewe. Kila figo lina nefroni zipatazo milioni moja. Kila nefroni huanza na fundo la kapilari liitwalo glomerula, lililozungukwa na kikombe kiitwacho kapsuli ya Bowman. Damu huingia katika fundo hilo kwa kijiateri kiingizacho na kutoka kwa kijiateri kitoacho. Kwa kuwa kapilari hizi ziko kati ya vijiateri viwili, na kile cha kutolea kwa kawaida ni chembamba zaidi, msukumo wa damu ndani yake huwa mkubwa kuliko katika kapilari nyingine za mwili. Msukumo huo huyapitisha maji ya plazma, pamoja na vitu vidogo vilivyoyeyuka humo, katika ukuta wenye tabaka tatu: seli za kapilari zenye matundu, utando wa msingi, na seli zenye vidole vinavyopishana na kuacha nyufa nyembamba. Seli za damu hazipiti kwa sababu ya ukubwa wake. Albumini karibu yote haipiti kwa sababu ya ukubwa wake na pia kwa sababu chaji yake hasi husukumana na chaji hasi ya ukuta.

Hesabu zake kwa mtu mzima mwenye afya ni za kushangaza kidogo. Figo mbili kwa pamoja huchuja mililita zipatazo 125 kwa dakika, yaani lita 180 kwa siku. Plazma yote mwilini ni takribani lita 3. Kwa hiyo ujazo huo ni sawa na kuichuja plazma yote mara 60 kwa siku. Mkojo unaotoka, hata hivyo, ni kama lita 1.5 tu. Zaidi ya asilimia 99 ya maji yaliyochujwa hurejeshwa katika damu na mirija ya nefroni.

Haya ndiyo maudhui. Yaliyobaki katika saa mbili ni marudio, mifano, maswali na maelezo ya ziada, ambayo yanaweza kufutwa bila hasara, isipokuwa sehemu moja tutakayoijadili katika 5.0.

3.0 Kitenzi Kuchuja na Taswira Yake

Sentensi inayoonekana mara nyingi zaidi katika madaftari ni ya aina hii:

(1) Figo huchuja damu na kutoa uchafu kama mkojo.

Kisarufi sentensi hii haina kasoro, na katika mazungumzo ya kawaida inatosha. Lakini mwanafunzi wa uuguzi aliyeishika (1) hawezi kujibu swali jepesi: kama kinachochujwa ni uchafu, na lita 180 huchujwa kila siku, je, mwili una uchafu wa lita 180?

Chanzo cha mkanganyiko ni kitenzi chenyewe. Mzungumzaji wa Kiswahili anakijua kuchuja kutoka jikoni. Tunapochuja tui, kinachopita katika chujio ndicho tunachokitaka, na machicha yanayobaki juu hutupwa. Tunapochuja chai ni vivyo hivyo: chai hupita, makapi hubaki. Taswira ya jikoni ina nguzo mbili: kinachopita ni kizuri, na kinachobaki ni taka.

Katika glomerula nguzo zote mbili huanguka. Kinachobaki, yaani seli za damu na protini, ni kitu cha thamani ambacho mwili haupaswi kukipoteza. Kinachopita ni mchanganyiko wa vyote viwili: yumo yurea na kreatinini, lakini pia yamo maji, glukosi na chumvi ambavyo mwili unavihitaji mno. Glomerula haichagui kizuri na kibaya. Huchagua kidogo na kikubwa. Uchaguzi wa kizuri na kibaya hufanyika baadaye, katika mirija. Mwandishi wa (1) ametumia kanuni ya kuunda: ameziunganisha hatua mbili kuwa moja, na katika kuziunganisha akaifuta ile iliyo muhimu zaidi, yaani urejeshaji.

Je, tukikwepe kitenzi hiki? Hatuoni sababu. Kimeshaenea, kina familia kamili ya minyambuliko (uchujaji kwa tendo, chujio kwa ala), na hakuna kingine kinachokikaribia. Kinachotakiwa ni muhtasari kutaja waziwazi mahali taswira ya jikoni inapokoma. Aidha, tunahitaji jina la kile kilichopita katika chujio, ambacho si damu tena wala bado si mkojo. Mchujo peke yake limekwisha kuzoeleka kwa maana ya hatua ya kuondoa washindani au waombaji. Kichujwa linaweza kueleweka kuwa ni damu inayoingia au maji yanayotoka. Tunapendekeza maji ya mchujo, ambalo ni refu kwa maneno mawili lakini halina utata. Lina faida nyingine ya kisarufi ambayo itaonekana katika sehemu ifuatayo.

Neno jingine linalohitaji tahadhari ni shinikizo, pamoja na mwenzake presha. Wodini, mgonjwa "ana presha" maana yake ni mgonjwa ana ugonjwa wa shinikizo kubwa la damu. Mwanafunzi anayesoma kwamba "presha ndiyo inayochuja damu" anaweza kupata picha ya ugonjwa badala ya nguvu ya kawaida. Kwa sababu hiyo, katika muhtasari tumetumia msukumo kwa nguvu inayosukuma na mvuto kwa nguvu ya protini inayoyashikilia maji ndani ya damu. Maneno haya mawili yanapingana kimaana, na upinzani huo ndio hasa unaofundishwa.

4.0 Nani Hufanya Nini: Tatizo la hu-

Mtindo wa kitaaluma wa Kiswahili hupendelea hu- kwa kueleza mambo ya siku zote, na mihutasari huiga mtindo huo. Tazama mfano wa (2):

(2) Plazma hupita katika chujio na kuingia kapsulini. Protini hubaki. Kisha hurejeshwa na mirija, na kiasi kidogo hutolewa.

Ni nini hurejeshwa? Msomaji anayelijua somo atajibu kuwa ni maji na vitu vilivyopita. Msomaji asiyelijua, ambaye ndiye mlengwa, atalichukua jina la karibu zaidi, yaani protini, na ataondoka akiamini kuwa kwa kawaida protini nyingi hurejeshwa na kiasi kidogo hutoka katika mkojo. Imani hiyo ni ya hatari, kwa sababu protini inayoonekana katika kipimo cha mkojo wa mama mjamzito ni miongoni mwa dalili ambazo muuguzi anatakiwa kuzitolea taarifa mara moja.

Sababu ya utata ni kwamba kiambishi hu- hakitanguliwi na kiambishi cha nafsi au ngeli. Katika Kiswahili, kiima kinaweza kudondoshwa kwa kuwa kiambishi cha upatanisho hukiwakilisha. Hu- hukiondoa kiwakilishi hicho. Jina likidondoshwa pia, kama ufupishaji unavyotaka, hakuna kinachosalia cha kumwonyesha msomaji kiima ni kipi. Kauli ya kutendwa, ambayo nayo hutumika mno katika maandishi ya sayansi, huongeza tatizo, maana humficha mtenda.

Huenda ikadhaniwa kuwa dawa ni kurudisha upatanisho kwa kutumia -na-. Dawa hiyo hufanya kazi nusu tu. Istilahi nyingi za mkopo katika somo hili huingia katika ngeli moja: plazma, protini, glukosi, yurea, albumini na nefroni zote huchukua i- au zi-, pamoja na maneno ya zamani kama damu na chumvi. Tukiandika "kisha inarejeshwa", kiambishi i- kinaweza kurejelea plazma, protini au damu. Upatanisho wa ngeli, ambao katika hadithi humwongoza msomaji bila shida, katika maandishi ya namna hii hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kutofautisha.

Suluhisho letu ni la aina mbili. Kwanza, jina lirudiwe katika kila sentensi hata kama linaonekana kuongeza urefu. Maneno ya kufutwa yatafutwe mahali pengine. Pili, pale inapowezekana, kitu kinachofuatiliwa kipewe jina la ngeli tofauti na majirani zake. Maji ya mchujo huchukua ya-, na hakuna kingine katika aya hiyo kinachochukua ya-. Hivyo "yanarejeshwa" haina utata, ambapo "inarejeshwa" ina utata wa pande tatu.

5.0 Neno Lisilopaswa Kufutwa

Sehemu ya mwisho ya mhadhara hueleza kuwa figo hujirekebisha zenyewe. Msukumo wa wastani katika ateri ukibadilika kati ya milimita 80 na 180 za zebaki, takribani, vijiateri hujibana au hujilegeza na kasi ya uchujaji haibadiliki sana. Maelezo haya huchukua muda mrefu, na mfupishaji huyafuta kwa haki, kwani ukurasa mmoja hauwezi kuyabeba. Kisha huandika:

(3a) Msukumo wa damu ukipungua, uchujaji hupungua.

Kauli hii si kweli ndani ya mipaka tuliyoitaja. Mwanafunzi atatarajia mkojo upungue kila mgonjwa anapolala na msukumo wake kushuka kidogo. Linganisha na hii:

(3b) Msukumo wa damu ukishuka sana, kama baada ya kuvuja damu nyingi, uchujaji hupungua.

Tofauti kati ya kauli hizo mbili ni neno sana na mfano mmoja. Neno hilo moja linabeba kazi ya maelezo yote yaliyofutwa: haliyaelezi, lakini linaizuia kauli isivuke mipaka yake. Maneno ya aina hii (sana, karibu, kwa kawaida, takribani, kwa mtu mzima) huonekana kama mapambo, na kwa hiyo huwa ya kwanza kukatwa. Kanuni ya kufuta iwekewe sharti hili: maelezo yanaweza kufutwa, lakini mpaka uliowekwa na maelezo hayo sharti ubaki.

Kinyume chake ni tarakimu. Mfupishaji hujaribiwa kuzihifadhi zote kwa kuwa zinaonekana kuwa ndiyo elimu yenyewe. Sisi tumezihifadhi zile tu ambazo mwanafunzi anaweza kuzitumia kufikiri. Idadi ya nefroni tumeiacha. Hesabu ya nguvu tatu tumeibakiza, kwa sababu ni hesabu ya kutoa inayomwezesha mwanafunzi kutabiri jambo ambalo hakufundishwa. Ikumbukwe kwamba tarakimu za hesabu hiyo ni za kufundishia. Vitabu mbalimbali hutofautiana kidogo, ingawa jibu la mwisho kwa kawaida ni 10.

6.0 Muhtasari Wenyewe

UCHUJAJI KATIKA FIGO: UKURASA WA MARUDIO

Wazo kuu. Figo hufanya kazi mbili kwa kufuatana. Kwanza glomerula huchuja, kisha mirija hurejesha. Mkojo ni maji ya mchujo yaliyobaki baada ya urejeshaji.

Njia. Kijiateri kiingizacho – glomerula – kijiateri kitoacho. Maji ya mchujo hutoka glomerula na kuingia katika kapsuli ya Bowman, kisha katika mirija.

Chujio. Chujio huchagua kwa ukubwa na chaji, si kwa uzuri na ubaya. Vinavyopita: maji, glukosi, chumvi, yurea, kreatinini. Visivyopita: seli za damu na karibu protini zote. Tahadhari: si kama kuchuja tui. Hapa vinavyobaki si machicha, na vinavyopita si vya kutupwa vyote.

Nguvu (kwa milimita za zebaki). Msukumo wa damu kwenda nje: 55. Msukumo wa maji yaliyomo kapsulini kurudi ndani: 15. Mvuto wa protini za damu kurudi ndani: 30. Nguvu halisi ya kuchuja: 55 – 15 – 30 = 10.

Kiasi, kwa mtu mzima. Maji ya mchujo: mililita 125 kwa dakika, lita 180 kwa siku. Mkojo: takribani lita 1.5 kwa siku. Maji ya mchujo yaliyosalia, zaidi ya asilimia 99, yanarejeshwa katika damu. Glukosi kwa kawaida hurejeshwa yote. Yurea hurejeshwa kwa sehemu. Kreatinini hairejeshwi.

Mambo mawili yanayoharibika. (a) Nguvu: msukumo wa damu ukishuka sana, kama baada ya kuvuja damu nyingi au kuharisha sana, uchujaji hupungua na mkojo hupungua. (b) Chujio: likiharibika, protini hupita na kuonekana katika kipimo cha mkojo.

Wodini. Mkojo wa mtu mzima ukiwa chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa (mgonjwa wa kilo 60: chini ya mililita 30 kwa saa), hakikisha mpira wa mkojo haukuziba wala kujikunja, pima msukumo wa damu, kisha toa taarifa. Protini katika mkojo wa mjamzito: toa taarifa siku hiyohiyo, bila kuchelewa.

7.0 Kuupima Muhtasari

Muhtasari hauwezi kupimwa kwa kumwuliza mwanafunzi kama ameuelewa, wala kwa kumtaka aukariri. Upimwe kwa maswali ambayo majibu yake hayakuandikwa humo, lakini yanapatikana humo kwa kufikiri. Tunapendekeza matatu.

Swali la kwanza: kama figo huchuja lita 180, kwa nini mtu hatoi lita 180? Anayejibu kuwa "nyingine ni safi" bado yuko jikoni. Taswira ya tui haijamtoka. Swali la pili: mgonjwa ana mkojo wa kutosha, lakini kipimo kinaonyesha protini nyingi. Kilichoharibika ni nguvu au chujio? Anayejibu kuwa mirija imeshindwa kuirejesha protini amesoma kiima kisicho sahihi, na mfupishaji arudi kuangalia sentensi zake za hu-. Katika baadhi ya magonjwa mirija nayo huweza kuwa chanzo cha protini chache, lakini kwa mwaka wa kwanza jibu linalotakiwa ni chujio.

Swali la tatu ni la hesabu. Jiwe limeziba njia ya mkojo, maji yamerudi nyuma, na msukumo katika kapsuli umepanda kutoka 15 hadi 25. Kutatokea nini? Mwanafunzi ataandika 55 – 25 – 30 = 0, na atasema kuwa uchujaji upande huo utasimama ingawa damu haikupungua na chujio halikutoboka. Mhadhara wetu haukutaja mawe hata mara moja. Mwanafunzi aliyefika hapo amepata sababu ya tatu ya uchujaji kuharibika, ambayo ukurasa wenyewe haukuitaja.

Kila kosa, kwa hiyo, linaelekeza mahali pake katika maandishi: kosa la swali la kwanza ni la msamiati, la swali la pili ni la sarufi, na la tatu ni la uteuzi wa maudhui.

8.0 Hitimisho

Tumeonyesha kuwa istilahi za somo hili hazikuwa kikwazo kikubwa; nyingi zimekwisha kutoholewa na zinaeleweka. Kikwazo kilikuwa katika maneno ambayo hakuna mtu anayeyaona kuwa ni istilahi: kitenzi cha jikoni, kiambishi kimoja cha wakati, na neno sana. Kamusi za sayansi, kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, hushughulikia nomino, na hiyo ni kazi halali ya kamusi. Lakini muhtasari huandikwa kwa sentensi. Uchambuzi wa namna hii unafaa uendelezwe katika masomo mengine ambayo wanafunzi huyafupisha kwa Kiswahili peke yao, hasa mzunguko wa damu na upumuaji, ambako vitenzi kusukuma na kuvuta vinangoja kuchunguzwa kwa jicho hilohilo.